Nyota ya Kwanza ya Liévin

Wanaomjua Liévin humjua kwanza kwa kitambaa chake cha manjano. Mteja akikaribia pikipiki yake, yeye hushuka, hupangusa kiti, kisha, kama mteja ni mwanamke, husimama pembeni na kusema, "Mama, kikwembe." Maana yake: kusanya nguo yako kabla ya kupanda, isije ikanaswa na mnyororo. Hagusi nguo ya mtu. Huonyesha kwa kidole na kugeuza macho upande mwingine mpaka mama akae vizuri. Wenzake walimcheka kwa hilo. Walimwita "Abbé", yaani padri.

Liévin ni mdogo wa marehemu mume wangu, Tharcisse. Katika mwaka wa vita alikuwa bado kwenye benchi la sekondari, kijana mkubwa mwenye aibu, na ndiye aliyesukuma baiskeli iliyobeba mtoto wangu mchanga na mfuko wa vyeti vyetu siku tulipokimbia mji. Tuliporudi, shule yake haikuwa na paa, na yeye hakurudi darasani. Mume wangu alilisikitikia jambo hilo mpaka kufa. Ukoo wetu ni wa walimu. Tharcisse alikuwa mkuu wa masomo, mimi nilifundisha miaka ishirini na nane, na mpaka leo mtaani Bigo watu wazima niliowachapa vidole huniita Madame. Liévin peke yake hakupata karatasi. Alipata pikipiki. Nakiri kwamba kwa muda mrefu, watu walipouliza shemeji yangu anafanya kazi gani, nilijibu, "Yuko katika usafiri."

Kisha ikaja Fika. Ni huduma ya simu: mteja anabonyeza, pikipiki iliyo karibu inaitwa, bei inaonekana mapema, hakuna kubishana. Kijana mmoja aitwaye Orly alifungua ofisi ndogo juu ya duka la dawa kwenye bulvadi, barabara kuu ya mji, na kuanza kuandikisha madereva. Liévin alikuwa kati ya wa mwanzo. Alipiga picha ya leseni, ya kitambulisho, ya uso wake, akapewa koti lenye namba na kifaa cha kufungia simu kwenye usukani. Jioni ile alikuja kwangu na mkewe Solange, na Solange, ambaye ni fundi wa kushona, alikuwa amelipunguza koti mabegani ili limkae vizuri.

"Shemeji," aliniambia, "sasa hata mimi niko na bulletin. Kila mutu ninamubeba ananipa pointi."

Bulletin kwetu ni ripoti ya mwanafunzi, na alisema kweli. Safari ikiisha, simu ya mteja huonyesha nyota tano katika mstari mmoja, na mteja hugusa. Wastani wa safari mia za mwisho zilizopewa nyota ndio unaomweka dereva kazini. Ukishuka chini ya nne nukta tatu, dereva hupata onyo. Akipata maonyo mawili bila kupanda, akaunti hufungwa. Dereva haoni nani alimpa nini. Huona wastani, na kila Jumatatu hupata muhtasari wa wiki: nyota tano ngapi, nne ngapi, moja ngapi.

Liévin alisimama karibu na lango la parokia yetu, kwa hiyo mama wa kikundi chetu cha kanisani wakiita, mara nyingi simu ilimpata yeye. Sisi huenda kuona wagonjwa kila Alhamisi, na wengi wetu magoti hayawezi tena. Binti wa Mama Domitille, mwenyekiti wetu, ndiye aliyetuwekea Fika kwenye simu. Tukamzoea Liévin, naye akatuzoea. Aliwashika mkono wazee kushuka, aliwangoja wakisahau rozari ndani.

Asubuhi moja ya Jumanne, mwezi wa tatu, alikuja kwangu kwa miguu. Nilijua kuna jambo, kwa maana Liévin haendi hata dukani kwa miguu.

"Shemeji, balifunga konti yangu."

"Nani?"

"Fika. Iko hapa. Soma weye, mimi nimesoma mara kumi, sione kintu."

Ujumbe ulikuwa wa Kifaransa safi. Ulisema wastani wake umefika nne nukta sifuri nane, chini ya kiwango, baada ya maonyo mawili. Kwamba sababu iliyotajwa zaidi na wateja ni *comportement*, yaani tabia. Kwamba akaunti imefungwa, na kwamba ana siku kumi na nne za kukata rufaa, akiambatisha ushahidi.

"Ulipata maonyo mawili na hukuniambia?"

"Nilisikia haya." Alitazama sakafu. "Nilisema nitajikaza. Nilinunua kofia ya mupya ya bateja. Nilianza kubeba bamama polepole kuliko. Shemeji, nilijikaza, na pointi ilizidi kushuka."

Neno lile *tabia* ndilo lililoumiza. Huku mjini, dereva akifungiwa kwa ajili ya tabia, watu hujua sababu moja tu. Kabla ya Alhamisi, jirani wa Solange sokoni alikuwa ameshamwuliza kama ni kweli mumewe huwashika wateja mapaja. Mwingine, mwanamke ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kusoma, alisema, "Ndiyo sababu anaangaliaka bikwembe ya bamama." Solange alikuja kwangu akiwa na uso uliokauka.

"Madame, weye ulisoma. Niambie. Simu inaweza kudanganya?"

"Simu haidanganyi. Watu hudanganya."

"Basi bamama wengi vile, bote banadanganya?"

Jumamosi Solange alichukua watoto wao wawili na cherehani yake akapanda gari la kwenda kwa baba yake huko Aru. Alimwambia Liévin kwamba anakwenda kusaidia mavuno. Hakuna mtu anayebeba cherehani kwenda kuvuna.

Tulikwenda kwa Orly, mimi nikiwa nimevaa vizuri kama ninayekwenda kwa mkaguzi. Orly alisimama kunisalimu kwa mikono miwili.

"Madame, karibu. Papa Liévin ni dereva yangu wa muzuri kabisa, Mungu anajua. Lakini mimi ni wa kuandikisha tu. Kufunga na kufungua, ni Kinshasa."

"Basi tuonyeshe jinsi ya kuandika rufaa."

Alionyesha. Katika simu, chini ya *Msaada*, kuna mahali pa rufaa. Unaandika maelezo, unaambatisha faili tano, si zaidi. Alitutolea orodha ya safari zote za miezi mitatu: tarehe, saa, mahali pa kuanzia na kuishia, njia iliyopitwa kwenye ramani, dakika.

"Nyota ya kila safari haiko hapa," nilisema.

"Haionekanake, Madame. Ni siri ya muteja, asiogope dereva. Lakini Papa Liévin iko na resime ya wiki, ile ya kila Jumatatu. Muchunguze wiki kwa wiki. Kama unapata kwamba siku fulani tu ndiyo inaharibika, unawaandikia. Banasikilizaka mutu mwenye kuleta safari, habasikilizi mutu mwenye kulia."

Kwa jioni tatu tulikaa kwenye meza yangu ya chakula, meza ambayo Tharcisse alisahihishia mitihani. Mimi niliandika wiki upande mmoja, idadi ya nyota moja moja upande wa pili. Wiki ya kwanza ya mwezi wa kwanza, hakuna. Ya pili, mbili. Ya tatu, nne. Wiki ambayo mvua kubwa ilitunyima kwenda kuona wagonjwa, hakuna. Liévin alikuwa ananisomea safari, kidole kikishuka kwenye karatasi.

"Alhamisi, saa nane na nusu, parokia mpaka hospitali. Alhamisi, saa nane na dakika makumi tano, parokia mpaka hospitali. Alhamisi, saa kumi, hospitali mpaka kwa Mama Domitille…" Kidole kikasimama. "Shemeji. Ni bamama yetu."

Nilihesabu upya. Nyota moja moja zilikuwa ishirini na tatu kati ya safari mia. Safari za mama wa kikundi, katika wiki zile zile, zilikuwa ishirini na tatu.

"Niliwakosea nini?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetafuta mahali alipoangusha kitu.

Siku iliyofuata niliwaita mama wote nyuma ya kanisa, baada ya misa ya asubuhi. Liévin alibaki langoni; hakutaka kuwaona uso kwa uso. Niliwaambia kilichotokea. Mama Pétronille, ambaye hana meno ya mbele na hucheka kuliko wote, alipiga makofi.

"Banafunga Abbé wetu? Bajinga! Miye kila mara namupa ya kwanza!"

"Ya kwanza namna gani?" niliuliza.

"Nyota ya kwanza! Moja! Kama kungekuwa namba mbele ya moja, ningemupa iyo."

"Hata mimi," alisema Mama Domitille. "Wa kwanza, si ya tano. Nani anaweza kumupa mutu muzuri vile nafasi ya tano? Ya tano ni ya mutoto mwenye kulala darasani."

"Na wakati simu inauliza sababu, siye tunabonyeza *comportement*," alisema mwingine. "Kwa sababu tabia yake iko nzuri."

Wakaanza kucheka, kisha mmoja baada ya mwingine wakaacha, kwa sababu walikuwa wameona uso wangu.

Kwa wasiokulia kwetu nieleze. Katika bulletin za shule zetu, mbali na pointi, kuna mstari wa nafasi: mtoto ni wa kwanza, wa pili, wa arobaini. Mzazi asiyejua kusoma kitu kingine hutafuta mstari huo. Moja ni furaha nyumbani, ni kuku jioni. Mama hawa walitazama nyota tano na wakaona nafasi tano. Kosa la namna hiyo linaeleweka.

Ila halikuzaliwa peke yake kichwani mwa kila mmoja. Mwezi wa kwanza, tulipotoka hospitali Alhamisi ya kwanza yenye Fika, Mama Domitille alinipa simu yake na kusema, "Madame, weye unajua kusoma, hapa tunafanya nini?" Nilivaa miwani. Niliona nyota tano. Niligusa ya kwanza, ikawaka. Nikasema kwa sauti ya darasani, wote wasikie, "Moja. Wa kwanza. Kama kwenye bulletin." Simu ikauliza kwa nini. Ikatoa maneno matatu: uendeshaji, usafi, tabia. Nikasema, "Chagueni lile alilofanya vizuri zaidi. Tabia." Nikamrudishia simu, na nikaona fahari ndogo kwamba bado wananihitaji.

Nyuma ya kanisa pale, macho ya Domitille yalikutana na yangu. Alikumbuka. Hakusema kitu, kwa heshima. Nami sikusema kitu, kwa sababu nyingine.

Niliandika rufaa mwenyewe, kwa Kifaransa ambacho hakuna mtu Kinshasa angekicheka. Nilieleza mfumo wa nafasi shuleni. Niliambatisha orodha ya safari, na Alhamisi zikiwa zimepigiwa mstari. Jedwali la wiki. Barua ya mama kumi na mmoja, waliotia saini au dole gumba, wakisema walikusudia kumsifu. Niliandika "kosa la wazee wetu." Liévin alisoma polepole, midomo ikitembea.

"Ni barua ya muzuri sana," alisema. "Kama Yaya Tharcisse, kaka yangu, ndiye aliandika."

Ilitumwa siku ya tisa. Siku ya kumi na mbili walijibu, na jibu halikuwa la mashine. Mtu alikuwa amesoma. Alisema safari zinaonyesha kweli kwamba nyota mbaya zinatoka kundi moja, siku moja. Lakini, aliandika, watu kumi na mmoja wanaotoa alama ile ile na sababu ile ile, kuanzia wiki ile ile, ni dalili ya watu walioelekezwa, na huduma imewahi kuona makundi yakielekezwa kumwangusha dereva, na baadaye yakishawishiwa kumwinua. Aliuliza jambo moja: nani aliwaelekeza, na lini? Maelezo ya mtu huyo, kwa jina lake, namba yake ya simu na saini, yafike kabla ya siku ya kumi na nne. Baada ya hapo uamuzi ni wa mwisho.

Liévin alinisomea ujumbe huo akiwa amesimama mlangoni, uso wake umefunguka kwa mara ya kwanza tangu Solange aondoke.

"Ni kintu kidogo tu, Shemeji! Banataka kujua nani aliwaambia. Utawauliza bamama?"

"Nitawauliza," nilisema.

Ningeweza kusema pale pale. Nimerudia dakika ile mara nyingi. Nilifikiri juu ya barua yenye jina la mume wangu, jina ambalo liko kwenye vyeti vya nusu ya mji huu, ikisema kwamba mjane wake, mwalimu wa miaka ishirini na nane, hakujua kuhesabu nyota. Nilifikiri Orly ataisoma, na madereva watamwuliza Orly, na sokoni watapata kicheko kipya. Nilijiambia kwamba ukweli wenyewe unatosha bila jina. Nikaandika: "Waliongozwa kwa nia njema na mtu mmoja wa parokia, ambaye alikosea." Nikatuma.

Siku ya kumi na tano Orly alitupigia simu twende. Alikuwa amefunga mlango wa ofisi, jambo ambalo halifanyi.

"Papa Liévin, jibu imefika. Banasema mutu bila jina si shahidi. Konti haitafunguliwa. Na kwa sababu ni ya mwisho, picha yako na leseni vinabaki kwa mashine. Hata ukiandikishwa upya, itakukataa."

Liévin alivua koti. Alilikunja vizuri, mikono ndani, akaliweka mezani.

"Solange, bibi yangu, ndiye alishonaka mabega," alimwambia Orly. "Utakayemupa, awe mwembamba."

Orly alinigeukia. "Madame, lakini kulikuwa nini? Mutu uyo alikuwa mugumu kupata? Jina tu! Kwenye siku ya kumi na tatu nilipigia Kinshasa, mutu wa rufaa akaniambia yeye mwenyewe anataka kufungua, anangoja jina."

Ndipo nilisema. Si kwa ushujaa. Nilisema kwa sababu nisingeweza kushuka ngazi zile nikiwa na jambo hilo.

"Ni mimi. Mimi ndiye niliwaambia mama. Nilisema moja, wa kwanza, kama kwenye bulletin. Nilisema wabonyeze tabia."

Orly alitazama mikono yake. Liévin alitoa kiti na kuniambia nikae, kama anavyowaambia mama wote.

"Ungeniambia siku ya kwanza, Shemeji," alisema. "Ningecheka."

Nililia pale, mbele ya kijana wa miaka ishirini na tano, na feni ikizunguka juu yetu. Niliomba kuandika upya, kwa jina, kwa saini, hata kwa mhuri wa parokia. Orly alijaribu. Alibonyeza, ikakataa: dosye, yaani faili, imefungwa. Alipiga Kinshasa, walimwambia kwa upole kwamba uamuzi wa mwisho ni wa mwisho, la sivyo hakuna rufaa itakayoisha.

Liévin alirudi kwenye kituo cha pikipiki za kawaida, za kupungiwa mkono barabarani. Kwa wiki mbili alikaa mstarini akingoja wateja. Wanawake walimpita na kupanda ya nyuma yake. Nilikwenda nikasimama karibu naye asubuhi mbili, nikimwambia kila aliyetaka kusikia kwamba kosa lilikuwa langu. Wengine walisema, "Pole, Madame." Mmoja alisema, akifikiri sisikii, "Kwani angemuachia mulamu, shemeji yake, aanguke?" Nilielewa kwamba ukweli uliochelewa husikika kama utetezi wa familia.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nne alikuja kuniaga. Alikuwa amefunga begi kwenye pikipiki. Alisema huko Aru kuna mizigo ya mpakani ya kubeba, na wenyeji hawana Fika.

"Shemeji, niko na ombi moja."

"Sema."

"Uniandikie. Ile ulisema kwa Orly. Si kwa Kifaransa. Baba ya Solange hasomi Kifaransa."

Nilikaa kwenye meza, nikaandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa ubaoni ambao hata mtoto angeusoma. Niliandika jina langu lote, na la mume wangu, na namba ya simu, na shule nilizofundisha. Niliandika: mimi Jeannine ndiye niliyewafundisha mama kumpa Liévin nyota mbaya nikidhani ni nzuri, yeye hakumgusa mtu, na nilipoulizwa jina langu nililificha siku ambayo lingemwokoa. Kwenye sentensi ya mwisho nilikandamiza kalamu, na wino ukavimba kwenye herufi moja. Nilitaka kuandika upya.

"Acha," alisema Liévin. "Iko nasomeka."

Aliikunja mara nne, akaiweka katika mfuko wa plastiki pamoja na leseni yake. Alinipa mkono. Alipowasha pikipiki, majirani wawili walitoka kuangalia nani anaondoka, nami nilisimama barabarani mpaka vumbi lilipotulia. Solange bado hajanipigia simu. Liévin alipiga mara moja, kusema amefika, na kwamba baba mkwe amesoma barua mpaka mwisho, kisha akaiomba tena aisome mara ya pili.